Kutenga Habari na Matangazo

Ukurasa wa habari wa mtandao, ukichukuliwa kwa ajili ya mkusanyo wa matini za Kiswahili, huja pamoja na orodha za viungo na matangazo ya biashara. Programu iitwayo jusText, aliyoieleza Jan Pomikálek wa Brno katika tasnifu yake ya mwaka 2011, huugawa ukurasa katika aya. Aya iliyojaa viungo hutupwa. Nyingine hupimwa kwa wingi wa maneno madogo kama "wa", "na" na "kwa", ambayo ni haba katika orodha.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15. Chukua aya hii ya mfano: "Wavuvi wa Ujiji hawataruhusiwa kuvua migebuka Ziwa Tanganyika hadi Agosti." Katika maneno kumi, madogo ni mawili tu, "wa" na "hadi", yaani asilimia 20. Kipimo cha kawaida cha programu hiyo ni asilimia 30. Hivyo habari yenyewe yaweza kutupwa. Sababu ni "hawataruhusiwa": Kiswahili hubana katika neno moja yale ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno matano.

Kipimo kikishushwa, habari hupona, lakini tangazo lililoandikwa kwa sentensi kamili hupenya pia. Kiwango kifaacho hupatikana kwa kulinganisha matokeo na kurasa chache zilizosafishwa kwa mkono.