Sentimita 7.4 Ni Kilomita Ngapi?

Ramani za topografia zinazotumika sana Tanzania na Kenya huwa na skeli ya 1:50,000. Maana yake, sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini. Hizo ni mita 500, yaani nusu kilomita. Ndiyo maana miraba ya gridi iliyochorwa juu ya ramani hizo ina upana wa sentimita 2: kila mraba mmoja ni kilomita moja.

Tuseme mtu anataka kujua umbali kati ya shule na zahanati. Anaweka rula, akihakikisha ameanzia kwenye alama ya sifuri na si kwenye ukingo wa plastiki, maana rula nyingi huwa na kipande kitupu kabla ya sifuri. Anapata sentimita 7.4. Akizidisha kwa 50,000 anapata sentimita 370,000. Kilomita moja ina sentimita 100,000, kwa hiyo jibu ni kilomita 3.7. Wengi hukosea hapa kwenye sifuri, na dawa yake ni kuhesabu miraba kwa macho: shule na zahanati zimeachana kwa miraba isiyofika minne, basi jibu la kilomita 37 haliwezekani.

Balaa kubwa zaidi huletwa na fotokopi. Ramani ya A3 ikipunguzwa iingie kwenye A4, urefu wote hushuka hadi asilimia 71 hivi, lakini maandishi ya 1:50,000 hubaki vilevile. Sasa rula inasoma sentimita 5.25, na hesabu ileile inatoa kilomita 2.6 tu. Zaidi ya kilomita nzima imepotea, na karatasi haionyeshi dalili yoyote ya udanganyifu! Aliye makini hupima kwanza mraba mmoja wa gridi. Akikuta sentimita 1.41 badala ya 2, anaachana na uwiano ulioandikwa na kugawanya 5.25 kwa 1.41, na kilomita 3.7 zinarudi. Skeli ya mstari iliyochorwa chini ya ramani nayo ni ya kuaminika, kwa kuwa imepungua pamoja na ramani yenyewe.

Rula, hata hivyo, hupima njia ya ndege. Barabara ya kupanda Lushoto kutoka Mombo imejaa kona, na kwa njia kama hiyo hulazwa uzi kufuata kila pindo, kisha uzi hunyooshwa kwenye rula. Watu huhofia zaidi mlima, kumbe mlima huongeza kidogo. Njia ya kilomita 4 kwenye ramani, ikipanda mfululizo mita 600, ina urefu halisi wa kilomita 4.04 hivi. Pumzi ya mpandaji itasema vingine, lakini umbali ndio huo. Kona ndizo zinazorefusha safari, tena zile ndogo kabisa hata kwenye ramani hazimo, kwa hiyo kipimo cha uzi nacho hupungukiwa kidogo na umbali wa kweli.