Je, Mradi Unaweza Kuleta Hasara? Namna ya Kukadiria Kabla ya Kuchangia

Mwananchi anayealikwa kuchangia mtaji wa mradi huelezwa faida inayotarajiwa. Ni nadra kuelezwa uwezekano wa faida hiyo kutopatikana. Makala haya yanaonyesha namna ya kukadiria uwezekano huo, na sababu ya jibu lake kubadilika ingawa faida inayotajwa ni ileile.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachotaka kununua mashine ya kukamua alizeti kwa shilingi 22,000,000. Baada ya kutoa gharama zote za uendeshaji, mashine inatarajiwa kubakiza shilingi 7,000,000 kila mwaka kwa miaka 5. Fedha hizo zingewekwa mahali salama, zingepata riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kwa kuwa shilingi ya mwaka wa tano si sawa na shilingi ya leo, mapato ya kila mwaka hupunguzwa kwa kiwango hicho cha riba. Jumla yake huwa takriban shilingi 25,230,000. Tukiondoa bei ya mashine, hubaki 3,230,000. Kiasi hiki ndicho thamani halisi ya sasa ya mradi. Ikiwa hasi, maana yake ni kwamba wanakikundi wangepata zaidi kwa kuziacha fedha zao mahali salama.

Hata hivyo, 3,230,000 ni wastani tu. Mapato ya mwaka mmoja yanaweza kuzidi au kupungua. Kipimo cha kutawanyika huko huitwa mchepuko wastani. Tuseme kwa mashine hii ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka: miaka mingi mapato yatakuwa kati ya milioni 5 na milioni 9.

Hatua inayofuata ni kupata mchepuko wa thamani ya mradi mzima. Iwapo mwaka mbaya haufuatwi lazima na mwaka mwingine mbaya, hasara za mwaka mmoja hufidiwa kwa sehemu na neema za mwaka mwingine. Kwa hesabu hiyo, mchepuko wa mradi ni takriban shilingi 3,265,000.

Sasa tunachukulia kwamba thamani ya mradi inafuata mgawanyo wa kawaida, ambao mchoro wake una umbo la kengele: matokeo mengi hukusanyika karibu na wastani, na machache huwa mbali nao pande zote mbili kwa usawa. Tunagawa wastani kwa mchepuko: 3,230,000 ÷ 3,265,000 = 0.99. Yaani sifuri iko chini ya wastani kwa umbali wa karibu mchepuko mmoja. Jedwali la mgawanyo wa kawaida linaonyesha kuwa eneo la mchoro lililo chini ya hapo ni takriban 0.16. Programu ya lahajedwali hutoa jibu hilohilo:

```
=NORM.DIST(0,3230000,3265000,TRUE)
```

Kwa hiyo uwezekano wa thamani kuwa hasi ni takriban 16 kati ya 100.

Lakini je, miaka ya alizeti kweli haitegemeani? Mafuta ya mawese yanayoagizwa kutoka nje yakishuka bei, bei ya mafuta ya alizeti nayo huweza kushuka na kubaki chini kwa misimu kadhaa. Iwapo miaka yote hupanda na kushuka pamoja, hakuna mwaka unaofidia mwingine, na mchepuko wa mradi hufikia takriban shilingi 7,210,000. Tukigawa tena tunapata 0.45, na uwezekano wa hasara huwa takriban 33 kati ya 100. Mashine ni ileile na wastani ni uleule, lakini hatari imeongezeka mara mbili. Ukweli wa miradi mingi huwa kati ya majibu hayo mawili.

Kipimo hiki kina mipaka. Kengele ina pande mbili zilizo sawa, ilhali ajali kama mashine kuungua huvuta matokeo upande mmoja tu. Vilevile, 33 kati ya 100 haielezi hasara itakuwa kubwa kiasi gani.

Kabla ya kutoa fedha, muulize mwenye mradi mambo matatu: mchepuko wa mapato ni kiasi gani, umekadiriwa kwa kumbukumbu za miaka mingapi, na katika hesabu hiyo, miaka imechukuliwa kuwa inategemeana au haitegemeani? Akitaja wastani pekee, bado hajakueleza hatari ya mradi wake.