Wanataka Kufungua Saluni kwa Jina Lako? Piga Hesabu Hii Kwanza

Saluni yako imejaa kila Jumamosi, wateja wanatoka mtaa wa tatu kuja kwako, na jina limeanza kujulikana. Siku moja mteja anakuuliza: "Dada, naweza kufungua kama hii Thika nitumie jina lako? Nitakuwa nakulipa kila mwezi."

Hiyo ndiyo biashara inayoitwa franchaizi, au kwa lugha rahisi, leseni ya jina. Mwenzako anatoa mtaji wake, anaajiri watu wake na anabeba hasara yake. Wewe unampa jina, mafunzo na jinsi ya kufanya kazi, naye anakulipa. Inasikika tamu, lakini nyingi huvunjikia mahali pamoja: ada iliyowekwa kwa kukisia. Ikiwa kubwa sana, mwenye tawi ataanza kuficha mauzo au kununua dawa za bei ya chini ili abaki na kitu. Wateja wa Thika wakiungua kichwa, ni jina lako watakalotaja. Kwa hivyo ada na ubora ni jambo moja, na tutaviangalia pamoja.

Kwanza, je, jina ni lako?

Watu wengi wamesajili jina la biashara kule BRS na wanadhani limelindwa. Usajili huo unaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Haukupi haki ya kumzuia mtu mwingine kutumia jina hilo kama chapa. Ulinzi huo unapatikana KIPI, kwa kusajili alama ya biashara. Huduma za urembo ziko kwenye daraja la 44. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu wanapewa siku 60 za kupinga. Likipita, alama inadumu miaka 10 na unaweza kuihuisha.

Fanya hivi kabla ya kumpa mtu leseni. Kenya hatuna sheria moja maalum ya franchaizi, kwa hivyo nguvu yako iko kwenye vitu viwili: alama iliyosajiliwa na mkataba ulioandikwa vizuri.

Ada ni za aina mbili

Ya kwanza ni ada ya kuingia, inayolipwa mara moja. Hii si faida yako. Inapaswa kugharamia kazi ya kumfungulia mwenzako: kuwafundisha wasusi wake, kukagua chumba kabla hajalipa kodi, kumwandalia orodha ya bei na bango, na kukaa naye wiki ya ufunguzi.

Ya pili ni mrabaha, yaani malipo ya kila mwezi ya kutumia jina. Uchukue asilimia ya nini? Usichukue ya faida. Faida ni rahisi kupunguza kwenye karatasi, maana mtu akiongeza matumizi ya uongo, mrabaha wako unaisha. Chukua asilimia ya mauzo, kwa sababu mauzo yanaacha alama.

Lakini asilimia ngapi? Hapa tupige hesabu ya mfano. Chukulia tawi linauza Ksh 300,000 kwa mwezi.

- Kamisheni ya wasusi, asilimia 40: Ksh 120,000
- Dawa, shampuu na vifaa vya kutumia: Ksh 36,000
- Kodi ya nyumba: Ksh 45,000
- Mshahara wa kaunta na wa usafi: Ksh 35,000
- Stima, maji, intaneti na vibali: Ksh 18,000

Jumla ni Ksh 254,000. Mwenye tawi anabaki na Ksh 46,000, na hapo bado hajakulipa wewe.

Ukimtoza asilimia 10, unachukua Ksh 30,000 na yeye anabaki na Ksh 16,000. Ukimtoza asilimia 5, unachukua Ksh 15,000 na yeye anabaki na Ksh 31,000. Sasa tuseme alitumia Ksh 800,000 kuandaa chumba, viti, masinki na draya, kisha akakulipa ada ya kuingia ya Ksh 150,000. Ametoa Ksh 950,000. Kwa asilimia 5 anairudisha kwa miezi kama 31. Kwa asilimia 10 inamchukua karibu miaka mitano.

Kama leseni yako ni ya miaka mitatu, unaona shida? Kwa asilimia 10 mkataba unaisha kabla hajapata pesa yake. Mtu wa namna hiyo hatakuwa na sababu ya kufuata viwango vyako. Kanuni rahisi ni hii: muda wa leseni uzidi wazi muda wa kurudisha mtaji. Kwa mfano wetu, asilimia 5 na leseni ya miaka mitano inaeleweka kwa pande zote.

Angalia pia mwezi mbaya. Mauzo yakishuka hadi Ksh 200,000, kodi ya nyumba, mishahara na stima havishuki. Tawi hili litakuwa limepoteza Ksh 2,000 kabla ya mrabaha. Asilimia 5 ya mauzo itakuwa Ksh 10,000, lakini ada isiyobadilika ingebaki Ksh 15,000. Ndiyo maana asilimia ni afadhali: mwezi ukiwa mbaya, mnaumia wote.

Nawe usidanganyike na hiyo Ksh 15,000. Toa nauli na muda wa kutembelea tawi mara mbili kwa mwezi, na mafunzo ya msusi mpya kila mmoja anapoondoka. Kinachobaki kwa tawi la kwanza ni kidogo. Kumbuka pia kwamba mrabaha una kodi ya zuio, asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, kwa hivyo zungumza na mhasibu mapema.

Utajuaje mauzo ni ya kweli?

Tili iwe ya mwenye tawi, maana biashara ni yake na kodi ya KRA ni yake. Ila mkataba useme kwamba malipo yote ya simu yanapitia tili moja iliyobandikwa kaunta, na kwamba kila mwezi anakutumia stetimenti pamoja na daftari la pesa taslimu. Unachohitaji ni jumla na idadi ya malipo. Namba za simu za wateja si zako kuomba. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Mwanya mkubwa uko kwenye kiti. Msusi anamwambia mteja, "Nitumie kwa namba yangu." Pesa hiyo haionekani kwenye stetimenti, na mwenye tawi mwenyewe anaweza kuwa anaibiwa bila kujua. Mtume mtu asiyejulikana akasukwe na kulipa kama mteja wa kawaida, halafu akuambie aliambiwa alipe wapi na jina gani lilitokea kwenye simu yake.

Kipimo cha pili ni dawa. Tuseme viwango vyako vinasema kila kichwa cha tritimenti kinatumia gramu 40. Kopo la kilo moja basi linatosha vichwa 25. Hesabu makopo ya mwanzo wa mwezi, ongeza yaliyonunuliwa, toa yaliyobaki. Kama tawi limetumia makopo manne, hiyo ni kazi ya vichwa kama 100. Daftari likionyesha 62, kuna mauzo hayakuandikwa, au wasusi wanamwaga dawa, au inabebwa nyumbani. Uliza kwanza kabla ya kulaumu.

Hesabu hiyo pia inasoma upande wa pili. Tawi likiandika tritimenti 90 na limetumia makopo mawili tu, mauzo yanaweza kuwa sawa kabisa, lakini wateja wanapakwa kitu kingine au wanapakwa kidogo. Mrabaha wako umelipwa vizuri, huku jina lako likiharibika. Kipimo kimoja kinakuonyesha pesa na ubora kwa pamoja.

Andika viwango vinavyoweza kupimwa

"Huduma bora na usafi" haikaguliki. Andika kitu ambacho mtu yeyote akiingia anaweza kusema ndiyo au hapana. Huhitaji kurasa 100. Anza na kazi ambazo zikikosewa zinaumiza mteja:

- Retachi: Ngozi ikaguliwe kwanza. Yenye kidonda au iliyokunwa, mteja arudi siku nyingine. Mafuta yapakwe kichwani na masikioni, muda upimwe kwa saa kulingana na maelezo ya kopo, na dawa ioshwe kwa shampuu yake maalum mpaka isibaki.
- Rangi: Ijaribiwe kwenye sehemu ndogo ya ngozi saa 48 kabla.
- Kusuka: Mteja aulizwe kama anaumia kabla ya kuendelea na mstari wa pili. Nywele za mbele zikivutwa sana, mara kwa mara, zinaanza kung'oka na zinaweza zisirudi.
- Vifaa: Taulo moja kwa mteja mmoja, wembe mpya kwa kila mteja, na vitana vioshwe kisha viloweshwe kwenye dawa ya kuua vijidudu.

Ukaguzi mmoja kwa mwezi uwe wa kutangazwa, na mwingine wa kushtukiza. Mkimaliza, wote wawili mtie sahihi kwenye fomu. Pia bandika namba yako ya malalamiko karibu na kioo, ili mteja aliyeumia akufikie wewe kabla hajafika mtandaoni.

Kosa likitokea

Mkataba useme hatua zote kabla hasira hazijapanda. Kosa la kawaida, kama taulo kurudiwa, liandikwe na lipewe siku 14 kurekebishwa. Likirudiwa, wasusi warudi mafunzo kwa gharama ya tawi. Lile la hatari, kama kupaka retachi kwenye kidonda, huduma hiyo isimame siku hiyo hiyo. Kuficha mauzo kwa makusudi kunaweza kuvunja leseni.

Andika pia mwisho: leseni ikiisha, bango linashuka ndani ya siku ngapi, nani anafuta ukurasa wa mitandao, na namba ya simu ambayo wateja wameizoea inabaki na nani. Hiyo namba huzua ugomvi mkubwa, na wengi huikumbuka wakiwa wameshakosana.

Anza na stetimenti yako mwenyewe

Kabla ya kumjibu yule mteja wa Thika, toa stetimenti ya tili yako ya miezi 12. Tafuta mwezi wako wa chini kabisa, siyo Desemba, na uingize namba hiyo kwenye hesabu tuliyopiga hapo juu, ukiweka kodi ya nyumba ya Thika. Kama tawi haliwezi kulipa mrabaha na kumwachia mwenyewe kitu hata kwenye mwezi wa kawaida, basi mwambie bado. Kama linaweza, mwonyeshe hesabu hiyo kabla hajakupa hata shilingi moja.