Sehemu ya kumi isiyokwisha

Fungua Python, andika hesabu hii, kisha bonyeza Enter:

```
>>> 0.1 + 0.2
0.30000000000000004
```

Mwalimu wa shule ya msingi angelipiga jibu hilo kalamu nyekundu. Lakini kompyuta ni nzima, na kujumlisha inajua. Kasoro imeingia kabla ya kujumlisha: ile 0.1 uliyoandika haikuhifadhiwa kama ulivyoiandika.

Kumbuka theluthi. Ukigawa 1 kwa 3 utaandika 0.333 mpaka daftari liishe, kwa kuwa sisi tunahesabu kwa makumi na 10 haigawanyiki kwa 3. Kompyuta inahesabu kwa mbilimbili. Vipande vyake ni nusu, robo, thumni, na kuendelea kukata kila kipande katikati. Kwa vipande hivyo 0.75 inatoka sawasawa, nusu na robo. Sehemu ya kumi haitoki, ukusanye vingapi.

Jaribu mwenyewe. Zidisha 0.1 kwa 2, tena na tena. Kila ikitokea 1 mbele ya nukta, iandike pembeni na uiondoe. Isipotokea, andika 0. Utapata 0.2, 0.4, 0.8: sifuri tatu. Kisha 1.6, andika 1. Imebaki 0.6, inazaa 1.2, andika 1. Imebaki 0.2, na hapo ulishapita! Utazunguka 0011, 0011 bila kikomo.

Kompyuta haina nafasi ya kuzunguka hivyo. Kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inabakiza tarakimu 53 tu, na ya mwisho inasogezwa penye thamani ya karibu zaidi. Kwa hiyo 0.1 inahifadhiwa ikiwa imezidi kidogo, na 0.2 imezidi maradufu ya hapo. Ila 0.3, kwa bahati yake, imesogezwa chini: imepungua. Zile mbili zilizozidi zikijumlishwa, jumla inaangukia katikati kabisa, baina ya 0.3 hiyo pungufu na jirani yake wa juu. Kanuni inasema hapo ichaguliwe yenye tarakimu ya mwisho 0, naye ni jirani. Ndiye uliyemwona kwenye skrini.

Tofauti hiyo haimdhuru mtu anayepima shamba. Inamwumiza mwandika programu anayeuliza kama namba mbili ni sawa:

```
x = 0
while x != 1.0:
    x = x + 0.1
```

Ukisoma harakaharaka, mzunguko huu unakoma baada ya hatua kumi. Haukomi. Hatua ya kumi inatoa 0.9999999999999999, ya kumi na moja inatoa 1.0999999999999999; moja kamili imerukwa. Ukiandika `x < 0.95` badala ya `x != 1.0`, utakoma kwenye hatua ya kumi.

Kwenye pesa, mimi nisingegusa nukta kabisa. Shilingi 0.10 ihifadhi kama senti 10, na 0.20 kama senti 20. Hizo ni namba nzima, na 10 + 20 ni 30. Nukta iweke wakati wa kuchapa risiti.