"Ile elfu arobaini" ni ipi?

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma gazetini yale tuliyoyazungumza redioni, wiki hii nina kosa langu mwenyewe la kukueleza. Ni kosa dogo, la sentensi mbili za simu, lakini lilimfanya mama mmoja wa Mlandege, mwenye kuuza maandazi alfajiri ili mwanawe asome, aitwe mdaiwa ilhali alikwisha lipa.

Mimi ni mshika fedha wa kamati ya wazazi ya skuli moja ya watoto wadogo hapa Ng'ambo. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Zamani wazazi walikuja na noti mkononi wakaandikiwa stakabadhi. Siku hizi tumewaambia walipe benki, na wao hulipa kila mmoja kwa njia yake: huyu kaunta, huyu kwa wakala, huyu kwa simu, na mwengine ana ndugu Maskati anayemlipia. Mtunza hesabu wetu ni binti mmoja anayekaa pale skuli, ndiye anayepokea slipu za benki na kusikiliza wazazi. Mimi nakaa na taarifa ya benki. Kwa hivyo mimi naona pesa bila ya kuwaona watu, na yeye anaona watu bila ya kuziona pesa.

Mwisho wa kila mwezi lazima pande hizi mbili zikutane. Nachukua taarifa ya benki na daftari la fedha, natia alama kila kiasi kilichomo huku na huku. Kinachobaki bila alama ndicho chenye maneno. Mwezi wa Mei zilibaki pesa nne zilizoingia benki na hazikuwamo daftarini. Nikamwandikia binti yule hivi: "Mwanangu, kuna pesa zimeingia benki sizielewi. Ile elfu arobaini nadhani ni ya yule wa Mikunguni. Hebu ziangalie."

Hebu nawe msikilizaji usome tena maneno hayo. Pesa zipi? Ngapi? Za lini? Nimesema "ile elfu arobaini", na katika taarifa ya mwezi ule zilikuwamo elfu arobaini mbili zisizojulikana, moja ya tarehe 9 na moja ya tarehe 28. Baya zaidi, nimetia dhana yangu. Binti ni mdogo kwangu, ananiita ami. Ami akisema "nadhani", yeye husikia "andika". Akachukua ile ya tarehe 28 akampa mtoto wa Mikunguni na stakabadhi akakata. Ijumaa ikatoka orodha ya wanaodaiwa, na jina la mtoto wa muuza maandazi likawa la tatu kutoka juu. Mtoto akarudishwa nyumbani na karatasi.

Mama alikuja Jumatatu. Hakupiga kelele. Alifuatana na kijana jirani yake, kwa sababu yeye hana akiba kwenye simu. Alimpa kijana noti na kijana akalipa kwa laini yake. Ujumbe ulikuwamo bado katika simu: Mei 28, shilingi 40,000, na namba ya muamala. Niliuweka karibu na taarifa ya benki, namba zikafanana tarakimu kwa tarakimu. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mzee, karatasi aliyorudi nayo mwanangu mbele ya wenzake, mtaifuta vipi?"

Basi usiku ule nilikaa nikauandika upya ujumbe wangu. Nakusomea kama ulivyo, kisha nikueleze kwa nini kila neno limo.

"Assalaam alaykum mwanangu. Zipo pesa nne zilizoingia benki mwezi wa Mei ambazo hazimo katika daftari letu. Jumla yake ni shilingi 292,500.

1. Mei 4, shilingi 120,000. Noti, kaunta. Benki imeandika CASH DEP tu, hakuna jina.
2. Mei 9, shilingi 40,000. Kwa wakala. Lipo jina la wakala, la mlipaji halipo.
3. Mei 15, shilingi 92,500. Kutoka nje ya nchi. Mtumaji hayumo katika orodha yetu ya wazazi.
4. Mei 28, shilingi 40,000. Kwa simu. Mwenye laini si mzazi wetu.

Namba za miamala nimezizungushia wino mwekundu katika picha ya taarifa ninayokuletea. Kitabu cha stakabadhi cha Aprili na Mei nimekwisha kukitazama, hazimo.

Kwa kila moja naomba uniandikie: nani kalipa; kwa mtoto gani; kwa mwezi gani au kitu gani, na kama imegawika, kila fungu kiasi gani; na umejuaje, kwa slipu, kwa ujumbe wa simu au kwa kauli ya mzazi. Usiyoijua andika 'haijulikani', usikisie.

Mpaka hapo ziandike zote katika hesabu ya kungojea. Stakabadhi uliyoitoa kwa mtoto wa Mikunguni ibatilishe, kosa ni langu. Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi Juni 12 saa nane mchana, kwani Ijumaa tunatoa orodha mpya ya wanaodaiwa."

Utasema ni ujumbe mrefu. Kweli, lakini ule mfupi ulizaa siku tatu za kuulizana na mtoto mmoja kurudishwa nyumbani. Huu ulijibiwa kwa mara moja.

Kwanza tarehe, kiasi na namba ya muamala. Kiasi peke yake hakitambulishi kitu pale ambapo kila mtu analipa sawasawa. Tarehe nayo ina mtego wake: mzazi aliyelipa Ijumaa jioni pengine benki itamwandika Jumatatu, kwa hivyo akikuambia "nililipa tarehe 6" usimkatalie kwa sababu unaona tarehe 9. Namba ya muamala ndiyo isiyobishaniwa. Ndiyo maana leo ukilipa malipo ya Serikali hupewa kwanza kontroli namba: namba ile humwambia mpokeaji ni nani aliyelipa na kalipia nini, hata kama aliyepeleka pesa ni mtoto wa jirani.

Pili, ile jumla ya 292,500. Binti akijumlisha majibu yake na asiifikie, atajua mwenyewe kwamba kuna moja ameiruka, kabla mimi sijamuuliza.

Tatu, kuuliza kama pesa imegawika. Mimi niliiona 120,000 nikasema moyoni, hii ni miezi mitatu ya mtoto mmoja. Sivyo. Slipu ilikuwa kwa bibi mmoja wa Kikwajuni, ameiweka ndani ya mkoba wa nguo. Alilipia wajukuu wawili mwezi wa Mei, ndiyo 80,000, na 40,000 iliyobaki ni deni la Aprili la mmoja wao. Hesabu inagawika vizuri kwa tatu, na bado jawabu langu lilikuwa la uwongo.

Ile ya 92,500 haikugawika kabisa kwa ada yetu, na kiasi cha namna hiyo mara nyingi hukuonyesha kwamba kuna kilichokatwa njiani. Mjomba aliyeko Maskati alituma 100,000: ada ya miezi miwili 80,000 na sare 20,000. Benki za njiani zikakata 7,500. Hapa kamati lazima iamue nani abebe makato hayo. Sisi tuliamua skuli ibebe, kwa hivyo daftarini tuliandika tumepokea 100,000 na tumetumia 7,500 kwa gharama za benki. Ungeandika 92,500 tu, mtoto angebaki na deni la 7,500 ambalo mjomba wake asingelielewa mpaka kesho.

Nne, "umejuaje". Slipu au ujumbe wa simu ni ushahidi. Kauli ya mzazi ni mahali pa kuanzia kutafuta. Majina yetu nayo unayajua, Ali Juma na Juma Ali wamejaa kila mtaa, na anayelipa huwa ami, shangazi au dereva. Jina kufanana halitoshi kukata stakabadhi.

Tano, ndiyo khasa iliyonipata mimi: dhana yangu haimo tena. Ikiwa una dhana, iweke mfukoni mpaka mwenzako amejibu, kisha linganisha. Ukimpa jawabu kabla, atakurudishia lile lile na wewe utadhani umethibitisha.

Sita, hesabu ya kungojea. Pesa usiyomjua mwenyewe si mapato. Imo benki, hukatai, lakini daftarini ikae upande wa madeni, kwa sababu unadaiwa na mtu ambaye bado hujamjua. Pengine ni ada. Pengine ni mtu kakosea tarakimu moja ya akaunti na kesho benki itaidai. Kwa hiyo usiitumie.

Ile 40,000 ya tarehe 9 ndivyo ilivyobaki. Binti ameandika "haijulikani", nami nimemshukuru kwa neno hilo. Hatua iliyobaki ni barua kwa benki yenye saini za wenye kuidhinisha, kuomba kumbukumbu za muamala ule, na kwa huduma hiyo benki huweza kutoza ada. Lakini kuna jambo moja la kuangalia. Wiki iliyopita alipiga simu mtu tusiyemjua, akasema pesa ile ni yake, kaituma kwa makosa, tumrudishie kwa namba anayoitaja. Tulimwambia aende kwa yule wakala au kwa benki alikoanzia, irudi kwa njia ile ile iliyokujia. Hajapiga tena. Ukiirudisha kwa namba ya simu, na mwenyewe wa kweli akatokea, utalipa mara mbili.

Na yule mama wa Mlandege? Orodha mpya ilitoka bila jina la mwanawe. Lakini hilo halikuwa jawabu la swali lake. Nilikwenda mwenyewe barazani kwake, na stakabadhi mkononi, nikamwambia mbele ya jirani zake kwamba alilipa Mei 28 na kwamba aliyekosea ni mimi. Akaipokea, akaikunja, akasema, "Haya mzee, chukua maandazi." Mtoto wa Mikunguni bado anadaiwa, na mzazi wake nilikwenda kumweleza vilevile, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi, kwani alikuwa na stakabadhi yetu yenye muhuri.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.