Kache Ikijaa, Nani Atolewe?

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, tovuti inayouza tiketi za basi za Dar es Salaam kwenda Moshi hukabiliwa na umati unaouliza jambo moja: tarehe 22 kuna mabasi gani, yanaondoka saa ngapi, nauli ni kiasi gani? Jibu ni lilelile kwa kila anayeuliza. Hata hivyo hifadhidata hulitafuta upya kila mara: inafungua jedwali la njia, la ratiba na la nauli, inaunganisha, inapanga, inajibu. Kisha inaanza tena kwa abiria anayefuata.

Tuchukue tovuti ya mfano yenye njia 30, inayoonyesha safari za siku 20 zijazo. Hayo ni majibu 600 tu yanayowezekana. Saa tatu usiku yanaingia maombi 200 kwa sekunde, yaani 12,000 kwa dakika, na yote yanaangukia hifadhidata moja.

Hapo ndipo Redis inapoingia. Ni programu iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mwitalia Salvatore Sanfilippo, aliyekuwa na huduma ya kuonyesha takwimu za watembeleaji wa tovuti papo kwa papo na akaona hifadhidata ya kawaida inamchelewesha. Redis huweka data kwenye kumbukumbu ya kompyuta badala ya diski, kila kipande kikiwa na ufunguo wake, na hujibu ndani ya muda usiofika milisekunde moja. Leo wengi hawaisimiki wenyewe. Huikodi kwenye huduma za wingu kama ElastiCache ya Amazon, ambako mwenye huduma ndiye anayeshughulikia seva, viraka vya usalama na seva ya akiba.

Namna ya kuitumia ni rahisi. Abiria akiuliza, programu huanza kwa Redis. Jibu likiwepo, analipata na hifadhidata haiguswi. Lisipokuwepo, programu huenda kwenye hifadhidata, huchukua jibu, huliweka Redis pamoja na muda wake wa kuisha, kisha humpa abiria:

```
GET safari:dar-moshi:12-22
SET safari:dar-moshi:12-22 "..." EX 60
```

Hiyo `EX 60` maana yake ni kwamba baada ya sekunde 60 jibu litafutika lenyewe. Sasa piga hesabu. Majibu ni 600, na kila moja hutafutwa upya mara moja kwa dakika. Kwa hiyo hifadhidata hupokea takriban maswali 10 kwa sekunde badala ya 200. Mzigo umepungua mara ishirini, na hakuna aliyenunua seva kubwa zaidi.

Nauli ikibadilika kabla ya dakika kwisha, programu hurekebisha hifadhidata kwanza, kisha hufuta ufunguo wa Redis kwa amri ya `DEL`. Mpangilio huo una sababu. Ukifuta kwanza, abiria anaweza kuuliza katikati, programu ikachota nauli ya zamani na kuirudisha kwenye kache. Na idadi ya viti vilivyobaki, wakati mtu anapolipa, haisomwi kwenye kache hata kidogo. Hiyo huulizwa hifadhidata yenyewe, la sivyo kiti kimoja kitauzwa kwa watu wawili.

Mpaka hapo mambo ni shwari. Majibu 600 ya kilobaiti nne kila moja hayafiki hata megabaiti tatu. Matatizo huja pale timu inapoipenda Redis na kuanza kutupia humo kila kitu: orodha ya safari alizotazama kila abiria, matokeo ya kila utafutaji, ripoti za mawakala. Mara nyingi hivi huwekwa bila muda wa kuisha, kwa sababu aliyeandika amri alisahau `EX`. Kumbukumbu ya gigabaiti moja inajaa. Sasa kikija kitu kipya, nani atolewe?

Uamuzi huo hauachwi kwa bahati. Upo kwenye mpangilio mmoja uitwao `maxmemory-policy`. Redis ukiisimika mwenyewe huja na `noeviction`: hakitolewi kitu, na atakayejaribu kuandika atakataliwa. ElastiCache huja na `volatile-lru`, ambayo hutoa kilichokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, lakini kati ya vile vyenye muda wa kuisha peke yake.

Soma tena maneno hayo ya mwisho, maana mtego uko hapo. Kwenye tovuti yetu, vyenye muda wa kuisha ni yale majibu 600 yanayotafutwa na kila mtu. Takataka zisizo na muda haziguswi. Kwa hiyo kumbukumbu inapobana, Redis inafukuza kilicho cha maana na kulinda kisichosomwa na yeyote. Vikiisha vya kufukuza, maandishi mapya yanagonga ukuta huu:

```
OOM command not allowed when used memory > 'maxmemory'.
```

Kusoma bado kunawezekana, lakini hakuna jipya linaloingia. Programu nyingi hulimeza kosa hilo kimyakimya na kwenda kwenye hifadhidata. Tovuti haizimiki. Inazidi kuwa nzito tu, na mafundi wanaanza kuilaumu hifadhidata, kumbe chanzo kiko kwingine.

Dawa kwa kache halisi ni `allkeys-lru`, ambapo kila ufunguo unaweza kutolewa, uwe na muda au usiwe nao. Kama kuna roboti zinazopita kurasa zote mara moja na kuondoka, `allkeys-lfu` inafaa zaidi, kwa kuwa huangalia kitu kimetumika mara ngapi, si lini tu. Ila kuna sharti. Ikiwa Redis hiyohiyo inashikilia pia taarifa za watu walioingia kwenye akaunti au foleni ya malipo, navyo vinaweza kutolewa, na abiria atajikuta ameondolewa kwenye akaunti akiwa katikati ya kulipa. Vitu vya namna hiyo vipewe Redis yao ya peke yake, yenye `noeviction`.

Utajuaje hali ya kwako? Andika `INFO stats` na utazame hesabu tatu. `keyspace_hits` ni mara ambazo jibu lilikutwa, `keyspace_misses` ni mara ambazo halikukutwa, na `evicted_keys` ni funguo zilizofukuzwa kwa kukosa nafasi. Kwenye mfano wetu, kati ya maombi 200 yanayofika kila sekunde, 190 yanapaswa kukuta jibu, yaani asilimia 95. Asilimia hiyo ikishuka huku `evicted_keys` ikipanda, kache ni ndogo au imejaa takataka. Ikishuka huku `evicted_keys` ikiwa imesimama, tafuta lile kosa la OOM kwenye kumbukumbu za programu.

Limebaki jambo moja ambalo sera ya kufukuza haiwezi kulitatua. Jibu la Dar–Moshi linapoisha muda, wote wanaoliuliza sekunde hiyo hulikosa kwa pamoja. Wakiwa 100 kwa sekunde na swali likichukua sekunde mbili, maswali 200 yanayofanana huvamia hifadhidata kabla jibu la kwanza halijarudi. Kinga yake ni kufuli fupi: programu huandika ufunguo wa pembeni kwa `SET` yenye `NX`, inayokubali mtu mmoja tu. Aliyefanikiwa huenda kuchota, na wengine husubiri kidogo kisha hurudi kusoma Redis. Kufuli hilo nalo lipewe muda wa kuisha wa sekunde chache, ili aliyelishika akianguka njiani wengine wasikwame.