"Imebaki Timu Moja Tu, Baba"

Dadu yenyewe ilikuwa ya ludo, ile ndogo nyeupe ya plastiki, imewekwa juu ya daftari katika kibanda cha wakala wa fedha za simu huko Mbagala, Dar es Salaam. Nilikuwa nimekwenda kutoa hela. Ukurasa uliokuwa wazi haukuwa na majina ya wateja wala namba za miamala. Ulijaa mistari ya tarakimu, kumi kumi kila mstari, na kila palipoandikwa 5 au 6 palizungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Nikauliza ni hesabu gani ile.

"Ni mikeka," wakala akanijibu. "Mikeka 20. Nimeisuka na mwanangu."

Niliondoka na hela yangu, lakini ukurasa ule haukunitoka akilini. Niliporudi, alikubali kunisimulia yote kwa sharti kwamba jina lake na la mtoto yasiandikwe, maana kijana ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na shule iko jirani.

Kubeti kwa mkeka hakuhitaji maelezo marefu kwa wasomaji wa Jumamosi. Unachagua timu kadhaa, odi zake zinazidishwa, unaweka dau. Timu moja ikikuangusha, mkeka mzima umechanika. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18, na usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ulitakiwa uwe kizuizi kingine. Watoto wamepata njia ya kuzunguka. Wanne, kijana huyu na marafiki zake, walikuwa wakichanga buku au jero kila mmoja, wanamtumia kwa simu kaka wa mmoja wao ambaye ana kitambulisho na akaunti ya kubeti, naye anaweka mkeka wao. Wakishinda, kaka anatoa hela na kugawa. Kiasi gani kimetoka, anakijua yeye.

Baba aliligundua jambo hili kwa jicho la kazi yake. "Mtoto alianza kuniomba buku kila Ijumaa. Leo fotokopi, kesho mchango wa darasa. Mimi nakaa hapa, naona Jumamosi mchana vijana wanavyokuja kuweka buku, buku mbili, haraka kabla mechi hazijaanza. Nikamwomba simu yake nikatazama taarifa ya miamala. Kila Jumamosi, jina lilelile la mpokeaji. Na alikuwa anadaiwa shilingi 14,000 na rafiki yake."

Anakiri kwamba mkono ulimwasha. Akaacha siku zipite, hadi Jumapili jioni kibanda kilipokuwa kimefungwa, akamwita.

"Nikamwambia, baba, kaa hapa. Sikupigi. Nifundishe mkeka unavyosukwa."

Kijana akafundisha. Alijua nani ana majeruhi, timu gani haifungwi nyumbani, kocha gani hupumzisha wachezaji akiwa na mechi ya katikati ya wiki. Baba alisikiliza mpaka mwisho, na anapolisimulia hilo sauti yake inabeba kitu kinachofanana na fahari. "Anajua mpira kuliko mimi. Ningemwambia ni mjinga, angejua mimi ndiye sijui." Mahubiri nayo aliona hayafai. Tangu 2017, SportPesa ilipoanza kuzidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, mtoto amekua akiona kubeti kifuani mwa timu yake. Ni vigumu kumshawishi kwamba kitu kile ni cha gizani.

Kwa hiyo baba akachukua kalamu. Alisoma mchepuo wa EGM hadi kidato cha sita, na hesabu anaipenda bado. Akamwomba kijana amwonyeshe mechi moja ya uhakika. Mwenyeji alipewa odi 1.40, sare 4.50, mgeni 7.50. Akagawa 100 kwa kila odi, mojamoja: 71.4, kisha 22.2, kisha 13.3. Akamwambia kijana ajumlishe. Ikaja 106.9.

"Nikamuuliza, mechi ina matokeo matatu tu, na nafasi zote zikijumlishwa lazima ziwe 100. Hii 6.9 imetoka wapi? Akanyamaza. Nikamwambia, hiyo ndiyo ya mwenye kampuni. Imo ndani ya bei kabla refa hajapuliza filimbi."

Ukiipunguza ziada hiyo, nafasi ya mwenyeji kushinda si 71 tena bali karibu 67 kati ya 100, yaani theluthi mbili. Ni makadirio. Kampuni hazigawi ziada sawasawa, na mara nyingi huibebesha zaidi timu dhaifu, kwa hiyo mwenyeji anaweza kuwa na nafasi kubwa kidogo kuliko hapo. Hata hivyo theluthi mbili inatosha kujifunzia, na baba aliipenda kwa sababu moja: ni dadu. Nyuso sita, 1 hadi 4 timu yako imeshinda, 5 na 6 imekuangusha.

Akamtuma mdogo wake kijana alete dadu ya ludo. Kila mkeka, kurusha mara kumi, maana wao walikuwa wakisuka timu kumi za odi ndogondogo, wakiziita za uhakika. Odi 1.40 ikizidishwa mara kumi inafika karibu 28.9, hivyo buku moja linaahidi kama 28,900 kabla ya kodi. Kwa mtoto anayekwenda shule na nauli tu, hiyo ni hela.

Kijana akarusha. Katika mkeka wa kwanza 6 ilikuja mapema, akataka kuanza upya. Baba akamkataza. "Usisimame. Rusha mpaka kumi, tuone umeanguka kwa timu ngapi." Agizo hilo, kwangu, ndilo lililoufanya usiku ule uwe na maana. Wakaendelea hadi mikeka 20, dadu ikirushwa mara 200, mama akipita na kuuliza kama wamechanganyikiwa.

Hakuna mkeka hata mmoja uliokaa. Hilo kijana hakulishangaa sana. Kilichomnyamazisha ni maduara mekundu. Mikeka miwili ilikuwa na duara moja tu, na mingine minne ilikuwa na maduara mawili. Mikeka sita kati ya 20 ilikuwa imekosa kidogo tu, na dadu haijui mpira.

"Unajua watoto hawa wanachosimuliana Jumatatu?" baba aliniuliza. "Hawasemi tumeliwa. Wanasema imebaki timu moja tu. Mwanangu aliniambia hivyo mwenyewe: baba, tulikuwa karibu, imebaki timu moja tu, ile sare ya dakika za mwisho. Wanaona wamekaribia kujua. Nikamwonyesha mstari huu. Nikamwambia, hapa nani alikuwa karibu kujua? Dadu?"

Nilikwenda kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, kwa sababu ndiyo ilikuwa imening'ang'ania. Timu kumi, kila moja na nafasi ya theluthi mbili: mkeka kukaa wote ni karibu mara moja katika mikeka 58. Kukosa kwa timu moja tu kunatokea mara tano zaidi ya kushinda, sawasawa kabisa. Ukijumlisha iliyokosa kwa timu moja na kwa timu mbili, unapata karibu mikeka 28 katika kila 100. Kikundi kinachobeti kila wiki kitaonja "tulikuwa karibu" zaidi ya mara moja kwa mwezi, mwaka mzima, bila ujuzi wowote. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba mtu anapokosa kidogo katika mchezo wa kubahatisha, ubongo huamka katika sehemu zilezile zinazoamka akishinda, na hamu ya kucheza tena huongezeka. Nadhani watoto wale wanne walikuwa wakilipwa hisia hiyo kila Jumamosi, wakaiita maarifa.

Na hela? Mikeka 58 ya buku ni shilingi 58,000, na ushindi mmoja unarudisha 28,900. Nusu. Baba alimweleza kijana kwamba kila timu anayoongeza inakatwa sehemu yake upya, ndiyo maana kampuni nyingi zinampa bonasi anayesuka timu nyingi.

Kijana hakukubali kirahisi. Alisema dadu haina Haaland. Jibu la baba naliandika lilivyo: "Haaland umemjua wewe tu? Aliyepanga odi hajamwona? Hiyo 1.40 ndiyo Haaland mwenyewe, keshahesabiwa. Ili umshinde, inabidi ujue kitu ambacho yeye hakijui, na ukijue kila wiki."

Deni la 14,000 baba hakulilipa. Kijana analipunguza kwa kufanya kazi kibandani Jumamosi, saa zilezile za mikeka, na amekwenda mwenyewe kwa rafiki yake kusema atamaliza lini. Kwa kaka mwenye laini baba alikwenda bila mtoto. Hakunieleza walichozungumza, ila alisema laini ile ina jina la mtu na alama za vidole vyake, na kijana yule hakuwa amelifikiria hilo.

Kuna swali moja ambalo hesabu haikulifikia. Siku kadhaa baadaye, wamekaa kibandani, kijana alimuuliza: "Baba, hizi buku wanazoweka wenzangu, si na wewe unapata kamisheni?"

"Nikamwambia ndiyo," baba alisema. "Nilikuwa nimemwomba asinidanganye, ningemdanganyaje mimi?" Sasa hamhudumii mtoto aliyevaa sare. Lakini Jumamosi hawavai sare, mteja haulizwi hela yake inakwenda wapi, na kibanda kingine kiko hatua chache. Kodi ya fremu inalipwa kwa miamala midogo kama hiyo. Nilimuuliza atafanyaje. Alinitazama muda, akahudumia mteja, hakunijibu.

Nikamuuliza basi kama mtoto ameacha.

"Kwenye kundi ametoka, nina hakika. Lakini juzi ameniuliza hesabu inakuwaje ukisuka timu tatu badala ya kumi. Tukaipiga pamoja. Kwa timu tatu, kila buku linarudi wastani wa shilingi 813. Akasema, kwa hiyo hiyo ni afadhali. Hesabu yake ni sahihi, siwezi kumkatalia. Sasa sijui usiku ule nilimfundisha kuacha, au nilimfundisha kubeti vizuri."